Kutengeneza au Kununua: Mhadhara juu ya Mipaka ya Kiwanda



Suala nililoombwa kulieleza jioni hii humkabili kila mwenye kiwanda, mkubwa kwa mdogo, siku anapoitazama orodha ya vitu vinavyoiunda bidhaa yake akajiuliza kipi katika hivyo kifanywe na mafundi wake mwenyewe, na kipi kinunuliwe kwa mwingine. Wako walioshika njia ya kwanza hadi mwisho wake, wakataka kumiliki hatua zote tangu malighafi ilipo ardhini mpaka bidhaa inapotoka mlangoni. Na wako walioshika njia ya pili hadi wakabaki na jina la bidhaa na saini ya mkataba tu, kazi yote ikiwa imekabidhiwa wakandarasi. Nia yangu si kuisifu njia moja na kuilaani nyingine, kwani kila moja ina mahali pake. Nataka kuonyesha kwamba aghalabu uamuzi huu huharibika kwa sababu mbili: hesabu isiyotenganisha gharama zinazoondoka na zile zinazobaki, na kutouchunguza mpaka ambapo kazi ya mmoja inakutana na kazi ya mwingine.

Mwaka 1937 mwanauchumi wa Kiingereza, Ronald Coase, aliuliza swali lililoonekana jepesi: ikiwa soko laweza kumpatia mtu kila kitu kwa bei, kwa nini basi kuna makampuni hata kidogo? Jibu lake lilikuwa kwamba kulitumia soko si bure. Kuna gharama ya kuitafuta bei, gharama ya kupatana, gharama ya kuuandika mkataba na kuusimamia. Na kampuni hukua mpaka pale ambapo kulifanya jambo moja zaidi ndani yake kunagharimu sawa na kulifanya sokoni. Mwaka 1990 C. K. Prahalad na Gary Hamel waliongeza dhana ya umahiri wa msingi, yaani yale maarifa machache yaliyokusanywa kwa miaka mingi ambayo bidhaa zote za kampuni huchipuka kutokana nayo. Wengi waliwasoma wataalamu hao kana kwamba walitoa ruhusa ya kutupa nje kila kisichoitwa cha msingi, ilhali wao wenyewe walitahadharisha kwamba kununua kwa wengine kwaweza kumfikisha mtu upesi kwenye bidhaa nzuri, lakini hakumjengei watu wenye ujuzi.

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo uamuzi huanzia. Natoa mfano wa kufikirika, na tarakimu zake nimezichagua ili ziwe rahisi kushikika. Tuseme kuna kiwanda cha mafuta ya kula ambacho hujitengenezea madumu yake ya lita 20, madumu 600,000 kwa mwaka, kwa mashine yake ya kupuliza plastiki na kalibu zake. Karani wa hesabu anaandika kwamba kila dumu hukigharimu kiwanda shilingi 3,200: plastiki 1,900, ujira wa mafundi wa mashine hiyo 250, umeme 200, uchakavu wa mashine 350, na fungu la gharama za jumla za kiwanda 500, yaani mshahara wa meneja, walinzi, bima, ofisi na kadhalika. Anatokea mfanyabiashara mwenye kiwanda cha plastiki mtaa wa pili, naye anasema atayaleta madumu yale yale kwa shilingi 2,800. Tofauti ni shilingi 400 kwa kila dumu, na kwa mwaka ni shilingi milioni 240. Nani katika wakurugenzi atasimama aipinge?

Lakini na tuulize, katika zile shilingi 3,200, ni zipi zitakazoondoka siku mashine itakapozimwa? Plastiki itaondoka, ujira wa mafundi utaondoka wakiachishwa au wakipewa kazi nyingine yenye manufaa, na umeme utaondoka. Uchakavu hautaondoka, kwa kuwa ni fedha zilizokwisha kutolewa zamani, na kuizima mashine hakuzirudishi. Kitakachorudi ni ile bei ambayo mashine kuukuu itauzwa, nayo yafaa ihesabiwe peke yake kama mapato ya mara moja. Na katika zile shilingi 500 za gharama za jumla, meneja atabaki, walinzi watabaki na ofisi itabaki. Labda shilingi 50 tu za bima na matengenezo ndizo zitakazopungua. Basi gharama inayoepukika ni 1,900 na 250 na 200 na 50, jumla shilingi 2,400. Anayenunua kwa 2,800 anapoteza shilingi 400 kwa kila dumu, na ile faida ya milioni 240 iliyoonekana kwenye karatasi imegeuka kuwa hasara ya kiasi hicho hicho, kabla hatujahesabu nauli ya kusafirisha madumu matupu, ambayo hulijaza lori upesi na hali uzito wake ni mdogo.

Hesabu hii, hata hivyo, ina wakati wake. Siku mashine itakapochakaa kabisa na ikabidi kununua mpya, uchakavu hautakuwa tena kumbukumbu ya fedha zilizopita, bali ni fedha zitakazotoka. Tuseme mashine mpya na kalibu zake ni shilingi milioni 1,200, itadumu miaka 8, na marejesho ya mkopo wake pamoja na riba yanagharimu wastani wa milioni 240 kwa mwaka. Kwa madumu 600,000 hiyo ni shilingi 400 kwa dumu, na jumla inafika 2,800, sawasawa na bei ya yule mfanyabiashara. Mauzo yakipanda hadi madumu 800,000, na mashine ikamudu, mzigo wa mashine unashuka hadi 300 na kutengeneza kunakuwa nafuu. Yakishuka hadi 400,000 unapanda hadi 600 na kununua kunakuwa nafuu. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayeulizwa kama atengeneze au anunue hana budi kwanza kujua umri wa mashine yake na wingi wa madumu anayoyatarajia. Na mwenye kiwanda cha plastiki, anayewauzia wateja kumi, ana nafuu ya wingi ambayo mteja mmoja hawezi kuwa nayo.

Sasa hebu tumfuate yule aliyeifunga mashine kwa kuamini hesabu ya kwanza. Zile shilingi 450 za gharama za jumla zilizobaki, ambazo kwa mwaka ni milioni 270, hazina dumu la kuzibeba tena. Karani atazihamishia kwenye kusafisha mafuta na kujaza. Mwaka wa pili, kujaza kutaonekana ghali kuliko ilivyokuwa, ijapokuwa hakuna fundi hata mmoja aliyefanya kazi vibaya. Atatokea mwingine atakayejitolea kujaza kwa bei ndogo, naye atapewa. Kila kazi inapotoka, zilizobaki huonekana ghali zaidi, na kila zinapoonekana ghali zaidi, hupatikana sababu ya kuitoa nyingine, mpaka kiwanda kiwe jengo lenye meneja na walinzi.

Maradhi haya si ya viwanda vidogo peke yake. Mwaka 2001 mhandisi wa kampuni ya Boeing, John Hart-Smith, ambaye aliitumikia kwanza kampuni ya McDonnell Douglas kabla ya kampuni hizo mbili kuungana, aliwasilisha mbele ya wenzake waraka uliolieleza jambo hili kwa ukali. Alisema kwamba kazi inapokabidhiwa kwa wakandarasi, faida huondoka pamoja na kazi. Kwamba gharama za jumla hubaki kwa mwenye jina. Na kwamba mwenye jina anaweza kujiona amefaulu kwa sababu tu rasilimali zake zimepungua, hivyo faida ikigawanywa kwa rasilimali chache huonekana kubwa. Aliukumbusha mfano wa ndege ya DC-10 ya McDonnell Douglas, ambayo wakandarasi wake walipata faida huku mtengenezaji mkuu akibeba gharama zilizozidi. Na jambo la nne alilolisisitiza ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi: kukabidhi kazi nje hakupunguzi kazi ya nyumbani bali huongeza kazi ya aina nyingine, ya kuwasimamia wakandarasi, kuwafundisha na kuhakikisha kwamba vipande vyao vitaingiana.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Aprili 2004, Boeing ilitangaza kuanza kwa ndege iliyokuja kuitwa 787, baada ya shirika la Kijapani la All Nippon Airways kuagiza 50. Ndege hii wengi wetu tumeiona, kwa kuwa Kenya Airways na Air Tanzania huirusha. Ilikuwa ndege ya aina mpya, kiwiliwili na mabawa yake yakiwa ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu badala ya bati la alumini; na pamoja na upya huo wa malighafi, kampuni iliamua kuleta upya wa pili katika namna ya kuijenga. Mabawa alipewa Mitsubishi huko Nagoya, sanduku la kati linalounganisha mabawa alipewa Fuji, sehemu za kiwiliwili waligawana Kawasaki, Alenia wa Italia, Vought katika jimbo la South Carolina, na Spirit wa Wichita. Washirika hao hawakupewa michoro iliyokamilika wakaambiwa wafuate, bali walipewa mipaka na vipimo vya jumla, wakachora wenyewe, wakagharamia uvumbuzi kwa fedha zao, na kulipwa kungekuja ndege zinapokabidhiwa. Sehemu zikikamilika zingepakiwa katika ndege za 747 zilizopanuliwa tumbo na kupelekwa katika kiwanda cha Boeing huko Everett, ambako kuziunganisha kulitarajiwa kuchukua siku 3.

Tarehe 8 Julai 2007 ndege ya kwanza ilitolewa nje mbele ya umma ikipendeza kwa rangi, lakini ndani haikuwa imekamilika, na sehemu nyingi zilishikizwa kwa vifungio vya muda kwa sababu vile vya kweli havikupatikana kwa wingi uliohitajiwa. Baadhi ya wakandarasi walikuwa wameleta sehemu zikiwa na kazi nyingi bado, kazi ambayo ilipaswa kufanyika kwao kwa zana zao na watu wao. Sasa ikawa ifanyike Everett, na mafundi walioipokea hawakuwa wameianza wala hawakuwa na kumbukumbu kamili za kilichofanywa na kilichoachwa. Baadhi ya sehemu zilipokutanishwa hazikulingana, pengo likaonekana kati ya kipande cha mmoja na cha mwingine ingawa kila mmoja aliapa kwamba amefuata vipimo alivyopewa. Mwezi Juni 2009 safari ya kwanza ya majaribio iliahirishwa tena, kwa sababu majaribio ya nguvu yalionyesha udhaifu pale ambapo bawa lililojengwa na Mitsubishi linashikana na sanduku la kati lililojengwa na Fuji. Udhaifu huo ulikuwa mpakani, mahali ambapo mizigo yote ya bawa hupita kuingia mwilini.

Ndege iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 2009, na ya kwanza kukabidhiwa ilimfikia mteja mwezi Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu baada ya wakati ulioahidiwa. Kenya Airways, iliyoagiza mwaka 2006, iliipokea yake ya kwanza mwaka 2014. Mwaka 2011 gazeti la Seattle Times lilikadiria kwamba gharama ya mradi ilikuwa imepita dola bilioni 32, na mkuu wa ndege za abiria wa Boeing wakati huo, Jim Albaugh, alikiri hadharani kwamba kampuni ilitumia fedha nyingi zaidi kurekebisha kuliko ambazo ingetumia kama ingaliyaweka karibu maarifa yale ya msingi. Boeing ilikuwa imekwisha kununua kiwanda cha Vought cha South Carolina mwaka 2009, na mwishoni mwa mwaka huo ikawa mmiliki kamili wa karakana jirani iliyokuwa ikiunganisha sehemu za kiwiliwili. Na ilipofika zamu ya ndege mpya ya 777X, haikutoa tena mabawa: ilijenga Everett karakana yake ya mabawa ya kaboni iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja.

Je, tuseme basi kwamba kosa lilikuwa kununua? La, hasha. Ndege hiyo hiyo ya 787 huruka kwa injini za Rolls-Royce au za General Electric, na Boeing haijengi injini zake tangu mwaka 1934, sheria ya Marekani ilipolivunja kundi la makampuni lililowaweka pamoja wajenzi wa ndege, wajenzi wa injini na wasafirishaji. Injini ni kitu chenye thamani kubwa na ufundi mgumu kupita bawa kwa namna nyingi, lakini hununuliwa kwa salama. Sababu ni kwamba mpaka wake ni safi. Injini hufungwa chini ya bawa kwa viungo vichache vinavyojulikana; huweza kuwashwa peke yake katika chumba cha majaribio ikapimwa msukumo wake, ulaji wake wa mafuta, joto na mtikisiko; na mjenzi wake huuzia ndege za wajenzi wengi, hivyo ana wingi wa kazi ambao mjenzi mmoja wa ndege hangeufikia. Bawa halina mpaka wa namna hiyo. Huwezi kulijua bawa kwa kulipima peke yake, kwa sababu bawa hupinda likaubeba mwili, na mwili hulirudishia mzigo, na badiliko dogo la uzito wa ndege huingia katika kila ubavu wake.

Hiki ndicho kipimo ninachokiona kuwa bora kuliko neno umahiri wa msingi likitajwa peke yake. Kila mkurugenzi huweza kukiita cha msingi anachokipenda na cha pembeni kinachomchosha. Ulizeni badala yake: kitu hiki kikifika mlangoni, je, naweza kukipima na kujua kwa hakika kama ni chema, bila kujua kilivyotengenezwa? Ikiwa naweza, na wauzaji ni wengi, na wao wana wingi wa kazi kuliko mimi, kununua ni busara. Ikiwa siwezi kujua ubora wake isipokuwa kwa kuwamo katika utengenezaji wake, basi kukitoa nje ni kujitoa nje ya bidhaa yangu mwenyewe. Hata palipo na mpaka safi, kununua hakuondoi utegemezi: mapanga ya injini aina ya Trent 1000 yalipoanza kuonyesha nyufa mapema kuliko ilivyotarajiwa, ndege za 787 katika nchi mbalimbali ziliegeshwa kungoja injini, na mjenzi wa ndege hakuwa na la kufanya ila kungoja pamoja na wateja wake.

Kwamba kumiliki nako si dawa ya kila kitu, Henry Ford alitufundisha. Katika kiwanda chake cha Rouge karibu na Detroit alitaka madini ya chuma yaingie upande mmoja na gari litoke upande wa pili, akamiliki migodi, misitu, meli na reli. Mwaka 1927, alipoliacha gari la Modeli T na kuanza Modeli A, utengenezaji ulisimama kwa muda wa miezi kadhaa, kwa kuwa mitambo yote ilikuwa imefungamanishwa na gari moja. Mwaka huo huo alianza kutafuta mpira wake mwenyewe huko Amazoni, akaanzisha mashamba ya Fordlandia. Lakini ukulima wa mpira haukuwa ujuzi wake, miti ilipandwa karibu karibu, maradhi ya majani yakaishambulia, na mwaka 1945 kampuni iliiuzia serikali ya Brazili ardhi hiyo kwa hasara kubwa. Alimiliki shamba pasipo kumiliki elimu ya shamba, na hati ya umiliki haikuufundisha mti kuota.

Mwisho wa mkasa wa Boeing nao una funzo lake. Kiwanda cha Wichita kilikuwa chake mpaka mwaka 2005, kilipouzwa na kuwa kampuni ya Spirit. Mwezi Januari 2024 kipande cha ukuta kinachoziba nafasi ya mlango kiliruka kutoka katika ndege ya 737 ya Alaska Airlines ikiwa angani. Wachunguzi walikuta kwamba boliti nne zilizopaswa kukishikilia hazikuwapo. Kiwiliwili kilikuwa kimetoka Wichita kikiwa na ribiti zenye kasoro. Kipande kilifunguliwa katika kiwanda cha Boeing huko Renton ili ribiti zirekebishwe na watu wa Spirit. Na hakuna waraka uliopatikana kuonyesha kwamba kimefunguliwa, hivyo hakuna aliyewajibika kuhakikisha kwamba kimefungwa. Kazi ya mmoja ilikuwa ikimaliziwa ndani ya nyumba ya mwingine, na daftari la mpakani halikuwa na mwenyewe. Mwezi Julai mwaka huo Boeing ilikubaliana kuinunua Spirit tena.

Nimalizie kwa kumrudia mwenye madumu, ambaye kwa wengi wenu ni wa karibu kuliko Boeing. Dumu ni kitu chenye mpaka safi: hupimwa uzito, hujazwa maji likaangushwa, na ubaya wake hujulikana mara moja. Kwa hiyo mashine yake ikichakaa na mauzo yake yakiwa madogo, na anunue bila hofu, lakini kwa masharti matatu. Kalibu ziwe mali yake hata kama zinafanya kazi kwa mwingine, ili siku muuzaji atakapopandisha bei aweze kuzihamisha. Abaki na fundi mmoja anayejua kupuliza plastiki, mwenye haki iliyoandikwa katika mkataba ya kuingia karakana ya muuzaji na kukagua. Na ikiwa mashine kuukuu bado inaweza kufanya kazi, asiiuze pamoja na ujuzi wake, bali atengeneze madumu machache na kununua mengi. Hata kama kila dumu lake mwenyewe litagharimu zaidi kidogo, kwa ziada hiyo atakuwa anajua kila mwezi bei ya kweli ya plastiki, umeme na ujira, na muuzaji atajua kwamba anajua. Ama usafishaji wa mafuta, ambao uchafu wake haujulikani ila kwa aliyesimama kwenye pipa tangu mwanzo, huo asiutoe, hata karatasi ya hesabu ikimwonyesha nafuu ya shilingi 400.